Tiketi inapoangukia kwenye spamu: kutenganisha barua pepe za miamala na za matangazo

Abiria amefika stendi ya Mbezi saa kumi na moja alfajiri. Amelipa jana usiku, ujumbe wa malipo anao kwenye simu, lakini tiketi haioni kwenye barua pepe. Kondakta anamkodolea macho, foleni nyuma yake inanung'unika. Mwishowe mtu mmoja anamwambia, "Hebu angalia kwenye spamu." Iko huko, imebanwa katikati ya bahati nasibu na dawa za kupunguza mwili.

Matatizo ya namna hii nimeyaona mara kadhaa, na karibu kila mara nakuta mafundi wameshamaliza siku mbili wakiikagua barua ya tiketi yenyewe. Wamebadilisha kichwa cha habari, wamepunguza picha, wametoa kiambatisho, na bado inaangukia kulekule. Barua ya tiketi haina kosa. Kosa liko kwenye barua nyingine kabisa, ile ya "Nusu bei msimu wa Idi" iliyotumwa wiki iliyopita kwa watu elfu sitini, kwa anwani ileile inayotuma tiketi.

Hapa nitafuata kampuni moja ya mfano inayouza tiketi za mabasi mtandaoni, kikoa chake kikiwa `safari.example`. Inatuma barua za aina mbili. Za kwanza ni za miamala: tiketi, risiti, kiungo cha kubadili nenosiri, yaani barua ambayo mteja ameisababisha yeye mwenyewe na anaisubiri. Za pili ni za matangazo: ofa, njia mpya, salamu za sikukuu. Zote zinatoka kwa `info@safari.example`. Tutaanza na dalili ya tiketi kupotea, tutenganishe barua hizo, kisha tuzipitie dalili zinazojitokeza baada ya kutenganisha, maana ndiko wengi wanakokwama.

## Dalili ya kwanza: tiketi zinaangukia spamu, na jana zilikuwa salama

Usikimbilie kutenganisha chochote kabla hujahakikisha kwamba tatizo ni sifa ya kikoa, yaani kiasi ambacho vichujio vya spamu vinakiamini. Jitumie tiketi kwenye akaunti ya Gmail, ifungue, bonyeza vile vidoti vitatu, chagua `Show original`. Juu kabisa utaona majibu ya vipimo vitatu: SPF inayoangalia kama seva iliyotuma imeruhusiwa, DKIM ambayo ni saini ya barua, na DMARC inayolinganisha hivyo viwili na anwani ya mtumaji. Kimoja kikiwa `FAIL`, simama hapo na ukirekebishe kwanza. Hilo ni tatizo la utambulisho, na kuhamia anwani mpya kutakuongezea kazi tu.

Vyote vitatu vikisema `PASS` na barua bado imeingia spamu, maana yake Gmail imekutambua vizuri sana. Inajua kwamba ni wewe, ila haikuamini. Hapo ndipo uweke kalenda mbili sambamba: siku ambazo wateja walianza kulalamika hawaoni tiketi, na siku ambazo idara ya masoko ilituma tangazo kubwa. Malalamiko yakianza siku moja hadi tatu baada ya tangazo, umeshampata mhalifu.

Ushahidi zaidi uko kwenye Postmaster Tools ya Google. Ni bure, unathibitisha kikoa kwa rekodi ya TXT, kisha unaona asilimia ya barua zako ambazo watu wamezibonyezea "hii ni spamu". Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa wabaki chini ya asilimia 0.3, na Google inashauri mtu akae chini ya 0.1. Mtumaji mkubwa kwa Gmail ni yule anayefikisha barua 5,000 kwa siku kwenda akaunti binafsi za Gmail.

Sasa tupige hesabu ya kampuni yetu, tukichukulia kwamba wapokeaji wote ni wa Gmail. Kwa siku ya kawaida inatuma tiketi 3,000, na mtu mmoja tu ndiye anayebonyeza spamu, labda kwa bahati mbaya. Hiyo ni asilimia 0.03, hakuna wa kukugusa. Siku ya tangazo inatuma 60,000 zaidi, na watu 240 wanabonyeza spamu. Gawa 240 kwa 63,000, unapata 0.38. Umevuka mstari.

Lakini balaa lenyewe liko kesho yake, na hapa ndipo wengi wanashangaa. Tangazo limekwisha kutumwa, siku hiyo zimetoka tiketi 3,000 tu. Watu wanaofungua barua zao kwa kuchelewa wanalikuta tangazo la jana, na 40 kati yao wanabonyeza spamu. Lalamiko linahesabiwa siku lilipotolewa, likilinganishwa na barua zilizoingia siku hiyo. Arobaini kwa elfu tatu ni asilimia 1.3. Kwa macho ya kichujio, siku ambayo hukutuma tangazo lolote ndiyo siku mbaya kuliko zote mwezi huo, na barua pekee zilizokuwepo za kubeba adhabu ni tiketi.

Kuna mtego mmoja wa kusoma takwimu hizi. Ukikuta asilimia ya malalamiko imeshuka ghafla hadi sifuri wakati wateja bado wanalia, usishangilie. Barua iliyokwisha kuingia folda ya spamu hakuna anayeweza kuilalamikia, kwa hiyo sifuri hiyo mara nyingi inamaanisha barua zako hazifiki kabisa mahali pa kulalamikiwa.

## Kutenganisha kwenyewe

Kubadili jina la mbele ya alama ya `@` peke yake, yaani `tiketi@safari.example` na `ofa@safari.example`, kunasaidia kidogo. Mteja mmojammoja akiizuia anwani ya ofa, tiketi zake hazizuiliki. Kwake yeye binafsi mambo yamenyooka. Sifa ya jumla, ile inayowahusu wapokeaji wote, hufuata zaidi kikoa, na kikoa bado ni kilekile. Ndiyo maana tunahitaji vikoa tanzu, yaani vikoa vidogo vinavyoning'inia chini ya kile kikuu:

```
tiketi@risiti.safari.example    tiketi, risiti, nenosiri
ofa@habari.safari.example       matangazo
jina@safari.example             barua za wafanyakazi
```

Kikoa kikuu nakiacha kwa binadamu: mhasibu anayeandikiana na benki, meneja anayejibizana na wenye mabasi. Barua hizo ni chache na hazistahili kuchezewa na mfumo wowote wa kutuma kwa maelfu.

Watu huuliza kwa nini wasinunue kikoa kipya kabisa kwa ajili ya matangazo, mfano `safari-ofa.example`. Mimi sishauri. Mteja hawezi kujua kama hicho ni chako au cha tapeli, na matapeli wanapenda sana vikoa vya aina hiyo. Ukimfundisha mteja kuamini jina lililofanana na lako, siku tapeli atakapokuja na jina lake lililofanana, kazi umeshamfanyia.

Kila kikoa tanzu kinahitaji utambulisho wake. Kwa upande wa tiketi rekodi zitakuwa hivi, na majina kamili ya kulia utapewa na kampuni unayotumia kutuma:

```
bounce.risiti.safari.example          TXT    "v=spf1 include:spf.mtoa.example -all"
s1._domainkey.risiti.safari.example   CNAME  s1.dkim.mtoa.example
_dmarc.safari.example                 TXT    "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@safari.example"
```

Mstari wa kwanza ni wa anwani ya kurudishia barua zisizofika, ile inayoonekana kama `Return-Path`. SPF hupima hiyo, haipimi anwani anayoiona mteja. Wa pili ni ufunguo wa saini ya DKIM. Wa tatu uko kwenye kikoa kikuu, na vikoa tanzu vyote vinaurithi kama havina wa kwao. Rudia miwili ya kwanza kwa `habari`, kwa ufunguo tofauti. Faida ya pembeni ni kwamba SPF ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS kwa kila rekodi, na ukigawa hivi kila upande unapata kikomo chake. Kampuni nyingi zilizolundika huduma zote kwenye rekodi moja zimekifikia kikomo hicho bila habari.

Kipi kihame kwanza? Mimi huhamisha tiketi kwanza. Ni chache, zinatoka kila siku kwa mtiririko uleule, na watu wanazifungua kwa sababu wanazihitaji. Hizo ndizo dalili kichujio kinazozipenda, kwa hiyo kikoa kipya cha tiketi hujijengea jina upesi. Siku ya kwanza pitisha sehemu moja ya kumi, angalia zinaangukia wapi, kisha ongeza mpaka zote zihamie ndani ya wiki moja au mbili. Kipindi hicho chote idara ya masoko isitume kitu. Watanung'unika, lakini wiki mbili haziui biashara.

## Dalili ya pili: umetenganisha, na tiketi bado zinaangukia spamu

Hii ndiyo dalili inayokatisha tamaa kuliko zote, na chanzo chake kikuu kimejificha mahali ambapo vipimo vyote vinasema `PASS`. Rudi kwenye `Show original`, lakini safari hii usisome lile jedwali la juu. Shuka kwenye vijajuu vya barua utafute mistari hii:

```
From: Safari Tiketi <tiketi@risiti.safari.example>
Authentication-Results: mx.google.com;
  dkim=pass header.i=@safari.example header.s=s1;
  dmarc=pass header.from=risiti.safari.example
```

Tazama mstari wa `dkim`. Saini ni halali, ila imewekwa kwa jina la `safari.example`, si `risiti.safari.example`. Kwa kawaida DMARC haigombi: inaridhika mradi saini na anwani ya mtumaji vina kikoa kikuu kimoja. Kwa hiyo kila kitu ni kijani. Lakini saini ndiyo kitambulisho kikubwa ambacho kichujio hukitumia kukuwekea kumbukumbu, na hapa tiketi na matangazo bado zinatia saini kwa jina moja. Umebadilisha shati, jina kwenye kitambulisho ni lilelile.

Marekebisho yanafanyika kwa kampuni inayokutumia barua. Ingia kwenye ukurasa wa vikoa, sajili `risiti.safari.example` kama kikoa kinachojitegemea na kukithibitisha, badala ya kuongeza tu anwani mpya chini ya kikoa kikuu kilichokwisha kuthibitishwa. Amazon SES kwa mfano itakuruhusu kutuma kutoka kikoa tanzu hata kama umethibitisha kikuu peke yake, na hapo itatumia saini ya kikuu. Ukimaliza, mstari lazima usomeke `header.i=@risiti.safari.example`. Kagua na `Return-Path` vilevile.

Saini ikiwa sahihi na hali haijabadilika, fungua mwili wa barua uangalie viungo. Huduma nyingi za kutuma hubadilisha kila kiungo kipitie kikoa cha kuhesabia mibonyezo, mfano `click.safari.example`. Kama tiketi na ofa zote zinapitia hicho kimoja, umeacha mlango wa katikati wazi. Vichujio husoma viungo pia, na orodha kama DBL ya Spamhaus huorodhesha vikoa vyenye sifa mbaya, vikiwemo vinavyoonekana ndani ya barua. Kila upande upewe kikoa chake cha viungo. Kwa tiketi mimi huzima kabisa kuhesabu mibonyezo. Unataka kujua nini? Kama mtu amefungua tiketi aliyoinunua?

Chanzo cha tatu ni aibu ndogo ambayo idara ya masoko haitaikiri. Chini ya tiketi wameweka bango: "Mwalike rafiki, pata punguzo." Halafu likaongezeka la pili na la tatu, mpaka tiketi yenyewe ni robo ya ukurasa. Mteja anayechoshwa na mabango hayo atabonyeza spamu kwenye tiketi, na hapo hakuna kikoa tanzu kitakachokuokoa, kwa sababu lalamiko limeelekezwa pale lilipostahili. Mstari mmoja wa maneno unatosha, na usipokuwepo ni vizuri zaidi.

## Dalili ya tatu: matangazo yanagonga mwamba na namba `421`

Tiketi zimetulia. Idara ya masoko inapewa anwani mpya, inapakia orodha ya watu 60,000 na kubonyeza tuma. Baada ya dakika chache kumbukumbu za seva zinajaa mistari inayoanza hivi:

```
421-4.7.28 Gmail has detected an unusual rate of unsolicited mail
```

Namba inayoanza na 4 ni kukataliwa kwa muda: barua haijatupwa, seva imeambiwa ijaribu tena baadaye. Chanzo ni kwamba `habari.safari.example` jana haikuwepo na leo inatuma barua elfu sitini. Hivyo ndivyo wanavyofanya watumaji spamu, wanafungua kikoa asubuhi na kukitupa jioni. Kosa kubwa zaidi hapa ni kuilazimisha seva ijaribu tena na tena kwa kasi ileile.

Kikoa kipya kinazoeshwa polepole. Anza na walionunua tiketi ndani ya siku 30 zilizopita, mia tatu hadi mia tano kwa siku. Malalamiko yakibaki chini ya asilimia 0.1 na hakuna `421`, ongeza mara mbili kila baada ya siku mbili au tatu. Kutoka 500 hadi 60,000 ni kuzidisha mara mbili takribani mara saba, yaani wiki mbili hadi tatu. Namba hizi si sheria ya mtu yeyote, ni kipimo cha kazi tu. Malalamiko yakipanda, rudi hatua moja nyuma ukae hapo.

Wasiofungua barua yoyote kwa mwaka mzima usiwafikie kabisa. Kwenye ile orodha ya elfu sitini mara nyingi hawa ndio wengi, na ndio wanaobonyeza spamu kwa sababu wamekusahau.

Katika hatua hii hakikisha kila tangazo lina vijajuu viwili vya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja, ambavyo Gmail na Yahoo wanavidai kwa matangazo ya watumaji wakubwa:

```
List-Unsubscribe: <https://habari.safari.example/jiondoe?k=8f3a>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Anayetaka kuondoka akikosa mlango anabonyeza spamu. Ombi lake litekelezwe ndani ya siku mbili. Jambo moja la kiufundi: mtu aondolewe pale tu seva yako inapopokea ombi la `POST`. Mifumo ya usalama hufungua viungo vya barua kwa `GET` ili kuvikagua, na kama seva yako inamwondoa mtu kwa kufunguliwa tu, utapoteza wasomaji ambao hawakuomba kuondoka. Kwa kiungo anachokibonyeza mtu mwenyewe chini ya barua, mwoneshe ukurasa wenye kitufe cha kuthibitisha.

## Dalili ya nne: mteja mmoja hapati tiketi kamwe, wengine wote wanapata

Hii haionekani kwenye takwimu yoyote. Inafika kwa njia ya simu: mteja wa siku nyingi, kwenye spamu hakuna, na kumbukumbu za seva hazioneshi hata jaribio la kumtumia. Mwulize swali moja: je, aliwahi kujiondoa kwenye matangazo yenu? Jibu huwa ndiyo.

Huduma za kutuma huweka orodha ya anwani zisizotakiwa kuandikiwa tena. Humo wanaingia waliojiondoa, waliobonyeza spamu, na anwani zilizokufa. Ukiwa na akaunti moja, mara nyingi orodha ni moja. Aliyekataa ofa za Idi mwezi wa nne anakosa tiketi ya Mwanza mwezi wa kumi na mbili, na mfumo unaamini umetenda haki.

Tenga orodha. Aliyejiondoa kwenye matangazo abaki amezuiwa upande wa `habari` tu. Anwani iliyokufa kabisa, iliyorudisha `550 5.1.1`, izuiwe pande zote, maana mtu huyo hayupo kwa tiketi wala kwa ofa. Aliyebonyeza spamu kwenye tangazo, mimi humzuia matangazo na kumwachia tiketi, kwa kuwa tiketi anainunua kwa hiari yake. Postmark wamejenga jambo hili ndani ya huduma yao kwa kugawa mikondo miwili, wa miamala na wa matangazo. Kwingineko inabidi uipange mwenyewe, na wakati mwingine njia rahisi ni kufungua akaunti mbili.

Na zile `List-Unsubscribe` za hapo juu zisiwekwe kwenye tiketi. Ukiziweka, Gmail itaonesha kitufe cha kujiondoa juu ya tiketi, mtu atakibonyeza, na utakuwa umejitengenezea dalili hiihii kwa mkono wako.

## Dalili ya tano: barua zote za kikoa kipya zinakataliwa kwa `550-5.7.26`

Hapa barua haiendi hata spamu, inarudishwa mlangoni. Inazipata kampuni zilizokwisha kukaza DMARC kwenye kikoa kikuu, kwa `p=reject` inayoagiza barua isiyopita ikataliwe, na kusahau kwamba vikoa tanzu vinaurithi ukali huo. Mtu wa masoko ameunganisha huduma mpya na `habari.safari.example` bila kuweka ufunguo wa DKIM, huduma inatia saini kwa jina lake yenyewe, DMARC inakataa.

Dawa si kulegeza kikoa kikuu. Weka ufunguo unaokosekana. Kama utahitaji muda wa majaribio, kipe kikoa tanzu rekodi yake ya muda, ambayo itatangulia ile ya urithi:

```
_dmarc.habari.safari.example   TXT   "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@safari.example"
```

Iondoe ripoti zinapoonesha kwamba barua zote halali zinapita.

## Dalili ya sita: wateja wanajibu tiketi na majibu hayafiki

Mtu anajibu tiketi kuomba kubadili siku ya safari. Jibu linakwenda `tiketi@risiti.safari.example`, ambako hakuna sanduku lolote, na linarudi. Ama weka rekodi ya MX ili kikoa tanzu kipokee na kuelekeza barua kwa dawati la wateja, ama weka `Reply-To: huduma@safari.example`. Mimi hufanya yote mawili, kwa kuwa baadhi ya mashine za kujibu hazijali `Reply-To`, na baadhi ya seva hukataa barua kutoka kikoa kisichoweza kupokea. Ile `info@` ya zamani usiifunge: iko kwenye simu za wateja wengi, na wataendelea kuiandikia kwa miaka.

## Pale utengano usipofika

Ukuta kati ya vikoa tanzu si wa zege. Vichujio vinajua kwamba `risiti` na `habari` ni watoto wa nyumba moja, na ile hesabu ya barua 5,000 za Google inajumlisha kikoa kikuu na tanzu zake zote. Kampuni yetu kwa siku ya kawaida hutuma tiketi 3,000 kutoka `risiti`, lakini hawezi mtu kudai kwamba upande huo uko chini ya kiwango. Tangazo moja likifikisha jumla hiyo, masharti ya mtumaji mkubwa yanahusu pande zote.

Akaunti ni kitu kingine kisichogawanyika kwa DNS. Amazon SES hupima akaunti nzima: malalamiko yakifika asilimia 0.1 unaweza kuwekwa chini ya uangalizi, yakifika 0.5 wanaweza kukusimamishia utumaji. Kwa barua zinazorudi ni asilimia 5 na 10. Akaunti ikisimama kwa sababu ya `habari`, na `risiti` inasimama nayo dakika hiyohiyo, iwe na sifa nzuri kiasi gani. Ndiyo maana kwa kampuni ambayo tiketi ndiyo uhai wake, napendelea matangazo yatoke kwa mtoa huduma mwingine kabisa.

Orodha ya kununuliwa ndiyo inayovunja kila kitu. Humo mna anwani za mtego, zisizo za mtu yeyote, zilizowekwa makusudi kunasa wanaotuma bila ruhusa. Ukizigusa, kinachoweza kuorodheshwa ni `safari.example` yenyewe, na barua ya mhasibu kwenda benki itarudi pamoja na tiketi.

Kwa kampuni yetu, baada ya kutenganisha, tangazo lijalo likipata malalamiko 240 kati ya 60,000, `habari` itaonesha asilimia 0.4 na idara ya masoko italazimika kupunguza orodha yake. Kesho yake, wakati wale 40 waliochelewa wanabonyeza spamu, `risiti` itakuwa na tiketi zake 3,000 na lalamiko lake moja. Postmaster Tools inakuruhusu kusajili kila kikoa tanzu peke yake, kwa hiyo sajili vyote viwili siku ileile unapoviunda. Ukisubiri mpaka tatizo litokee, utakosa siku za nyuma za kulinganisha.